Simu Zilizopoteza Jina: Misimbo Iliyofutwa Inapoacha Ripoti ya Bidhaa na Nafasi Tupu

Chukua ripoti ya bidhaa zilizoingizwa nchini na mfanyabiashara wa simu na vifaa vya umeme wa Kariakoo, kuanzia Januari 2021 hadi Desemba 2023. Ina safuwima tatu: msimbo wa bidhaa, jina lake na thamani. Mistari ya 2023 haina tatizo. Msimbo 85171300 una jina, simu janja, na thamani yake iko pembeni. Ukirudi nyuma hadi mistari ya 2021, unakuta msimbo 85171200, kisha nafasi tupu, kisha mamilioni ya shilingi.

Mwenye duka anaitazama ripoti hiyo na kumuuliza mhasibu wake kijana: "Mwanangu, ina maana mwaka 2021 hatukuleta simu hata moja?" Mhasibu anajibu, "Tulileta, mzee, ila mfumo haujaandika." Jibu ni la kweli, lakini halitoshi. Mfumo uliandika thamani, ukaandika tarehe na ukaandika msimbo. Kilichopotea ni jina peke yake, na halikupotea kwa bahati mbaya. Lilipotea kwa sababu msimbo 85171200 ulifutwa, na aliyesasisha jedwali la majina akauondoa humo akidhani hauna kazi tena.

Ili kuelewa jinsi simu zinavyoweza kupoteza jina, lazima tuanze na mahali namba hizi zinapotoka. Karibu kila bidhaa inayovuka mpaka duniani hupewa namba kwa mfumo mmoja wa kimataifa uitwao HS, unaosimamiwa na Shirika la Forodha Duniani, WCO, lenye makao yake Brussels, Ubelgiji. Mfumo huo ulianza kutumika tarehe 1 Januari 1988. Namba za kimataifa ni tarakimu sita, nazo husomwa kwa ngazi. Mbili za kwanza ni sura: 85 ni sura ya mashine na vifaa vya umeme. Nne za kwanza ni kifungu: 8517 ni simu na vifaa vingine vya mawasiliano. Zikifika sita unakuwa umefika kwenye kifungu kidogo chenye bidhaa mahususi. Jumuiya ya Afrika Mashariki huongeza tarakimu mbili zake mwishoni, ndiyo maana kwenye orodha yetu ya Ushuru wa Pamoja wa Forodha utaona namba yenye tarakimu nane, mathalani 8517.12.00.

Bidhaa hubadilika, kwa hiyo namba nazo hubadilika. Baada ya toleo la 2002 yamekuja matoleo ya 2007, 2012, 2017 na 2022. Katika kila toleo, baadhi ya namba hufutwa, nyingine huzaliwa, na nyingine hubaki na sura ileile huku maana yake ikipunguzwa au kuongezwa kimyakimya.

Hadi toleo la 2017, simu zote za mkononi zilikaa chini ya namba moja, 8517.12, yaani simu za mitandao ya selula au mitandao mingine isiyo na waya. Kitochi cha kupigia na kutuma ujumbe kilikuwa humo, na simu janja ya bei kubwa ilikuwa humo. Toleo la 2022 likaifuta namba hiyo na kuigawa mara mbili. Namba 8517.13 ikawa ya simu janja, na 8517.14 ikawa ya simu nyingine za mitandao ya selula au isiyo na waya, ambamo vitochi vinaingia. Maelezo ya Sura ya 85 yanaeleza hata simu janja ni ipi: ni ile yenye mfumo endeshi wa simu uliotengenezwa ili kufanya kazi za kompyuta, kama vile kupakua na kuendesha programu kadhaa kwa wakati mmoja, zikiwemo programu za watu wengine. Kuwa na kamera peke yake hakuifanyi simu kuwa janja.

Mfanyabiashara wetu hakuguswa na badiliko hilo moja tu. Vipuri vingi vya simu vilivyokuwa chini ya 8517.70 viligawanywa kuwa 8517.71, yaani antena na sehemu zake, na 8517.79, vipuri vingine. Taa za LED zilizokuwa 8539.50 ziligawanywa kuwa 8539.51 kwa moduli na 8539.52 kwa taa zenyewe. Kwa hiyo katika duka moja la kawaida, misimbo mitatu iliyokuwa ikitumika kila wiki ilikufa siku moja.

Sasa tuingie ndani ya kompyuta ya mhasibu. Ripoti yake haihifadhi majina ya bidhaa. Kitabu cha miamala kina tarehe, msimbo, kiasi na thamani. Majina yamewekwa kwenye jedwali la pili lenye safuwima mbili tu, msimbo na jina, na ripoti inapotayarishwa kompyuta huchukua kila msimbo wa muamala na kwenda kuutafuta huko. Mpangilio huu ni mzuri. Jina likikosewa unalisahihisha mahali pamoja, na hakuna anayelazimika kuandika maneno yaleyale mara elfu. Lakini unadai sharti moja: kila msimbo uliowahi kutumika lazima ubaki kwenye jedwali hilo.

Sharti hilo huvunjwa kwa njia mbili, na zote mbili hufanywa na watu makini wasiokuwa na nia mbaya. Ya kwanza ni kubadilisha jedwali zima. Orodha mpya ya ushuru inatoka, mtu anaipakua, anaifuta ya zamani na kubandika mpya mahali pake. Orodha mpya huwa na misimbo inayotumika sasa peke yake, maana imetengenezwa kwa ajili ya mtu anayelipia mzigo leo, si kwa anayesoma mizigo ya miaka mitatu iliyopita. Njia ya pili hujificha zaidi. Mfumo una safuwima ya hali, yenye neno "hai" au "imefutwa", na mtu aliyeandika ripoti ameweka sharti la kuchukua misimbo hai tu. Pengine alinakili sharti hilo kutoka kwenye ukurasa wa kuingizia miamala, ambako lina maana kabisa, kwani hakuna anayetaka karani achague msimbo uliokufa kwa mzigo uliofika leo asubuhi. Kwenye ripoti ya miaka iliyopita sharti hilohilo linafuta historia.

Shule haikosi madaftari mawili: la mahudhurio, lenye wanafunzi waliopo, na la uandikishaji, lenye kila aliyewahi kupita. Ukitaka kumwita mtoto darasani unafungua la kwanza. Mtu akija kuuliza cheti cha mwaka 2009 unafungua la pili. Ripoti nyingi zenye nafasi tupu zimetengenezwa kwa daftari la mahudhurio.

Kinachotokea baada ya hapo hutegemea jinsi ripoti ilivyoandikwa, na hapa ningependa msomaji atulie kidogo, kwa sababu nafasi tupu siyo matokeo mabaya zaidi. Katika Excel, fomula ya kutafuta ikikosa msimbo hutoa alama ya kosa:

```
=VLOOKUP(A2, Majina!A:B, 2, FALSE)
```

Utaona `#N/A`. Inachukiza macho, lakini inasema kweli: nimetafuta, sikupata. Wengi hawapendi alama hiyo kwenye ripoti itakayosomwa na mkubwa, kwa hiyo huifunika namna hii:

```
=IFERROR(VLOOKUP(A2, Majina!A:B, 2, FALSE), "")
```

Kosa sasa limegeuka kuwa nafasi tupu. Ripoti inapendeza, ila ushahidi umefutwa. Ukiijumlisha kwa majina katika PivotTable, misimbo yote mitatu iliyokufa, simu, vipuri na taa, hukusanywa kwenye mstari mmoja usio na jina, kana kwamba ni bidhaa ya aina moja.

Katika mifumo inayotumia hifadhidata, tofauti kati ya nafasi tupu na hasara kubwa zaidi hutokana na mahali sharti moja lilipowekwa. Tazama vipande hivi viwili. Herufi m ni jedwali la miamala, na j ni jedwali la majina.

```sql
LEFT JOIN majina j
  ON j.msimbo = m.msimbo
 AND j.hali = 'hai'
```

```sql
LEFT JOIN majina j
  ON j.msimbo = m.msimbo
WHERE j.hali = 'hai'
```

Kipande cha kwanza kinasema: leta miamala yote, na kwa kila mmoja jaribu kupata jina lililo hai. Muamala wa 2021 unabaki, jina linakuwa tupu. Kipande cha pili kinaleta miamala yote na majina yake, kisha kinatupa kila mstari ambao hali yake siyo "hai". Mstari wa 2021 unatupwa pamoja na thamani yake. Hakuna nafasi tupu ya kumshtua mtu. Ripoti ni safi, kila mstari una jina, na jumla ni pungufu. INNER JOIN, yaani muunganisho unaobakiza mistari iliyopata mwenzake tu, huleta matokeo hayohayo pale msimbo unapokuwa haumo kabisa kwenye jedwali.

Tuseme thamani ya mizigo yote ya mfanyabiashara wetu kwa miaka hiyo mitatu ni shilingi milioni 910. Kati ya hizo, milioni 262 ziko chini ya 85171200, milioni 41 chini ya 85177000 na milioni 15 chini ya 85395000. Misimbo mitatu iliyofutwa ina jumla ya milioni 318. Misimbo mipya ina milioni 592: simu janja milioni 410, simu nyingine milioni 92, vipuri vilivyo chini ya 85177900 milioni 60, na taa za LED milioni 30. Ripoti iliyoandikwa kwa kipande cha kwanza itaonyesha milioni 910 zenye pengo la majina. Iliyoandikwa kwa kipande cha pili itaonyesha milioni 592, na mwenye duka ataamini kwamba biashara yake ya simu ilianza mwaka 2022. Naona afadhali mara mia nafasi tupu. Ndiyo maana jambo la kwanza la kufanya ripoti ya namna hii inapofika mezani ni kulinganisha jumla yake na jumla ya kitabu cha miamala kabla hakijaunganishwa na jedwali lolote. Jumla zikilingana, una tatizo la majina. Zisipolingana, una tatizo la fedha.

Ukishajua kwamba jumla imesalimika, bado hujajua kama nafasi tupu zimesababishwa na misimbo iliyofutwa. Kuna sababu nyingine zinazofanana nayo kwa sura. Njia rahisi ya kuzitenganisha ni kuorodhesha kila msimbo uliokosa jina pamoja na tarehe yake ya kwanza na ya mwisho.

```sql
SELECT m.msimbo, MIN(m.tarehe), MAX(m.tarehe),
       COUNT(*), SUM(m.thamani)
FROM miamala m
LEFT JOIN majina j ON j.msimbo = m.msimbo
WHERE j.msimbo IS NULL
GROUP BY m.msimbo;
```

Msimbo uliofutwa una alama yake: unatumika mara nyingi, kwa mfululizo, halafu unakoma ghafla. Kwa mfanyabiashara wetu, 85171200 unaanza Januari 2021 na kukatika mwishoni mwa Juni 2022. Ukitazama misimbo yenye majina utaona 85171300 ukianza siku chache baadaye, mwezi Julai. Huo mshono ndio ushahidi. Msimbo mmoja unamalizika na mwingine unaanza, kwenye kifungu kilekile cha 8517, kwa mnunuzi yuleyule na msambazaji yuleyule.

Msimbo ulioandikwa kwa makosa hauna sura hiyo. Hutokea mara moja au mbili, mahali popote, na mara nyingi unatofautiana na msimbo halali kwa tarakimu moja. Msimbo ulioandikwa kwa nukta upande mmoja na bila nukta upande mwingine, 8517.13.00 na 85171300, hukosa jina tangu mwanzo wa ripoti hadi mwisho, bila kujali tarehe. Na kuna kosa la sifuri ya mwanzo, ambalo huwasumbua zaidi wanaouza mazao. Sura za 01 hadi 09 za mfumo wa HS ni za wanyama, samaki, mboga, matunda, kahawa na chai. Excel ikiuchukua msimbo kama namba badala ya maandishi, sifuri ya mbele huanguka. Kahawa isiyokaangwa na isiyoondolewa kafeini ni 090111, na baada ya kuanguka sifuri inabaki 90111, ambayo haimo kwenye jedwali lolote la tarakimu sita. Mtu akiona tarakimu zimepungua akaongeza sifuri mwishoni badala ya mwanzoni, anapata 901110, ambayo ni namba halali kabisa: ni hadubini za kutazamia kwa macho mawili. Nafasi tupu imezibwa, na shehena ya kahawa ya Kagera imesajiliwa kuwa vifaa vya maabara. Kwa hiyo usijaze pengo kabla hujajua limetoka wapi.

Turudi kwenye simu. Tumehakikisha kwamba 85171200 ni msimbo uliofutwa. Kishawishi cha kwanza ni kuupa jina la mrithi wake. Mhasibu anafungua jedwali, anaandika 85171200 na pembeni anaandika "simu janja". Pengo linaziba, lakini sasa ripoti inasema uongo, kwa sababu ndani ya zile milioni 262 kulikuwa na simu janja na vitochi pamoja. Mtu atakayelinganisha mauzo ya simu janja ya 2021 na 2023 atatumia tarakimu hiyo kana kwamba ni safi. Nafasi tupu ilimlazimisha aulize. Jina lisilo lake linamnyamazisha.

Jina sahihi la msimbo uliofutwa ni lile ulilokuwa nalo ulipokuwa hai. Linapatikana kwenye orodha ya ushuru ya toleo la 2017, ile ile iliyofutwa ili kubandika mpya, na ambayo wakala wa forodha makini atakuwa bado na nakala yake. Kwa hiyo dawa ni kuurudisha msimbo kwenye jedwali na jina lake la asili, kisha kuliongezea jedwali safuwima mbili: tarehe msimbo ulipoanza kutumika na tarehe ulipokoma.

Safuwima hizo mbili zina faida kuliko neno "imefutwa" peke yake. Neno hilo linakuambia hali ya leo. Tarehe zinakuambia kama msimbo ulikuwa halali siku ya muamala, na hilo ndilo swali ambalo ripoti inapaswa kuuliza. Zinasaidia pia pale namba inapobaki ileile huku maana yake ikihama. Hadi toleo la 2017, droni hazikuwa na kifungu chake. Nyingine ziliwekwa pamoja na ndege za kawaida, nyingine pamoja na kamera. Toleo la 2022 likazipa kifungu kipya, 8806. Namba 8802.20, ya ndege zisizozidi kilo 2,000, haikufutwa, lakini droni haziruhusiwi tena kuingia humo. Jedwali lenye mstari mmoja kwa kila msimbo haliwezi kueleza jambo hilo. Jedwali lenye tarehe linaweza kuwa na mistari miwili ya 8802.20, kila mmoja na maelezo ya kipindi chake.

Muunganisho wenyewe unakuwa hivi:

```sql
LEFT JOIN majina j
  ON j.msimbo = m.msimbo
 AND m.tarehe >= j.kuanzia
 AND (j.hadi IS NULL OR m.tarehe <= j.hadi)
```

Na mahali pa kuonyesha jina, usiruhusu ukimya. Andika `COALESCE(j.jina, 'JINA HALIPO')`, ili msimbo utakaokosa jina useme wenyewe. Baada ya marekebisho haya utagundua jambo moja zuri. Tuseme kuna mstari wa Septemba 2022 wenye 85171200. Kwa muunganisho mpya, mstari huo unakosa jina, kwa sababu siku hiyo msimbo ulikuwa umeshakufa. Safari hii kukosa jina kuna maana: karani alinakili fomu ya zamani, na mstari huo unatakiwa kulinganishwa na tamko la forodha la mzigo huo kabla ya kusahihishwa. Mapengo yaliyosababishwa na jedwali yameondoka, na yaliyobaki ni makosa ya kweli yanayohitaji mtu. Angalizo pekee ni kwamba vipindi vya msimbo mmoja visipandane. Ukiandika kwamba kimoja kinakoma tarehe 1 Julai na kingine kinaanza tarehe hiyohiyo, miamala ya siku hiyo itajirudia mara mbili.

Baada ya majina kurudi, mwenye duka atauliza swali lake halisi: biashara ya simu imekua kiasi gani tangu 2021? Hapa majina peke yake hayatoshi, maana ripoti ina majina matatu kwa kitu ambacho yeye anakiona kimoja. Shirika la Forodha Duniani hutoa majedwali ya ulinganifu yanayoonyesha msimbo wa toleo la zamani umekwenda wapi katika toleo jipya. Ni nyaraka zenye manufaa makubwa, na zina mtego ambao nimeuona ukinasa hata watu wenye uzoefu. Jedwali la ulinganifu lina mistari miwili kwa 8517.12: mmoja unaelekea 8517.13, mwingine 8517.14. Ukiliunganisha moja kwa moja na miamala, kila muamala wa zamani unapata wenzake wawili na kuhesabiwa mara mbili. Milioni 262 zinakuwa 524. Vipuri na taa navyo viligawanywa, kwa hiyo milioni 318 zote za misimbo iliyofutwa zinajirudia, na ripoti iliyokuwa na milioni 910 inaonyesha jumla iliyovimba. Kila mstari una jina, na hakuna pengo hata moja.

Hakuna fomula inayoweza kugawanya milioni 262 kati ya simu janja na vitochi, kwa sababu taarifa hiyo haimo ndani ya msimbo. Kama kitabu cha miamala kinaonyesha pia modeli ya simu, mtu anaweza kukaa chini na kuzipanga moja moja kwa kutumia kigezo cha mfumo endeshi nilichokitaja. Hiyo ni kazi halali, ingawa ni ndefu. Kama modeli haipo, la uaminifu ni kupanda ngazi: tengeneza kundi liitwalo "simu za mkononi zote", uweke ndani yake 8517.12, 8517.13 na 8517.14, na ulinganishe miaka kwa kundi hilo. Mwenye duka atapata jibu la swali lake. Atakosa jibu la swali la simu janja peke yake kwa miezi ya kabla ya Julai 2022, na ni vema aambiwe hivyo wazi pembeni ya tarakimu.

Ni Julai, na siyo Januari, na hapo ndipo tarehe za jedwali hukosewa zaidi. Toleo la 2022 la HS lilianza kutumika kimataifa tarehe 1 Januari 2022. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianza kutumia orodha yake mpya ya Ushuru wa Pamoja wa Forodha tarehe 1 Julai 2022, sambamba na mwaka wa fedha wa serikali zetu. Kwa miezi sita, misimbo iliyokuwa imekufa Brussels ilikuwa hai bandarini Dar es Salaam na Mombasa. China ilihama Januari, kwa hiyo mzigo wa simu uliotoka huko Machi 2022 ungeweza kuja na ankara yenye 851713 na kutolewa bandarini kwa tamko lenye 85171200, na nyaraka zote mbili zikawa sahihi. Ripoti inayochanganya misimbo ya ankara za wauzaji na misimbo ya matamko ya forodha katika safuwima moja itakuwa na vurugu katika nusu mwaka hiyo ambayo hakuna jedwali litakaloweza kuitatua. Inabidi uchague chanzo kimoja, na kwa mizigo iliyoingia nchini ni tamko la forodha.

Toleo lijalo la HS limepangwa kuanza kutumika tarehe 1 Januari 2028. Mtu atakayelisasisha jedwali la majina wakati huo asipakue orodha mpya juu ya ya zamani. Aiongeze chini yake, na kwa kila msimbo utakaokuwa umefutwa ajaze safuwima ya "hadi" kwa siku ya mwisho ambayo forodha ya nchi yake iliupokea, hata kama siku hiyo itakuwa miezi kadhaa baada ya ile iliyoandikwa kwenye jalada la toleo.